Pipa la Fizi, Pipa la Baraka

Nilikuwa mwalimu wa hesabu kule juu, Fizi, kabla shule yetu haijageuzwa kambi ya askari. Tuliposhuka Baraka na mke wangu na binti yetu wa miezi kumi na moja, nilibeba vitu viwili vya kazi: kaye moja, daftari langu la hesabu, na saa ya mkononi. Watu walibeba sufuria, mbuzi, magodoro. Mke wangu alinicheka njia nzima. Alisema nikifika nitawapikia kaye.

Wiki chache baadaye kipindupindu kiliingia Baraka. Wagonjwa walilazwa kwenye madarasa mawili ya shule iliyokuwa karibu na ziwa, watu wazima darasa moja, watoto darasa la pili. Muuguzi mkuu alikuwa mwanamume mfupi, mchapakazi, asiyelala. Alikuwa akitafuta mtu wa kushughulikia maji, mtu anayejua kupima. Nikajitolea. Siwezi kusema nilifanya hivyo kwa huruma tu. Nilikuwa nimechoka kukaa bure, na nilipenda kuitwa mwalimu tena.

Kazi ilikuwa hivi. Mgonjwa wa kipindupindu hafi kwa vidudu tu, anakufa kwa kukaukiwa. Anayeweza kunywa anarudishiwa maji yenye chumvi kidogo na sukari. Pakiti za dawa zilizokuja tayari zilikuwa zimeisha, na barabara ya Uvira ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki. Tukawa tunachanganya wenyewe ndani ya mapipa mawili ya lita mia mbili. Kila pipa lilihitaji gramu mia sita za chumvi na kilo tano za sukari. Muuguzi alikuwa na namna yake ya kukagua: anaonja, na maji hayaruhusiwi kuwa na chumvi kupita machozi. Yakipita hapo, mtu mzima anaweza kuyavumilia, lakini mtoto mchanga yanamwumiza ubongo.

Pipa la juu, lililokaa kwenye ukuta wa matofali, tuliliita Fizi. La chini, karibu na mlango wa stoo, tuliliita Baraka. Watu wazima walinywa kwa robine ya Fizi, yaani bomba lake dogo la chini, watoto kwa robine ya Baraka. Mapipa yalifunikwa, na mkono, kikombe au ndoo ya mtu yeyote haikuruhusiwa kuingia ndani, kwa kuwa mkono mmoja mchafu ungeambukiza watu wote wanaokunywa humo. Sheria hiyo niliisimamia mimi, na niliisimamia kwa ukali hadi watu walikuwa wakinikwepa.

Asubuhi ninayoisimulia, binti yangu alikuwa na siku mbili darasa la pili. Kuhara kulikuwa kumepungua, macho yake yalikuwa yamerudi mahali pake, na muuguzi alituambia kwamba akinywa vizuri leo, kesho tutampeleka nyumbani. Tulichokuwa tukingoja ni hicho tu: anywe vizuri siku moja.

Tulikuwa na chumvi na sukari ya mapipa mawili tu, ya mwisho. Nilimkabidhi mama mmoja mjane aliyetusaidia usafi, nikamwambia aitie. Niliporudi kutoka kuchukua dawa ya maji, nilimkuta ameshafunika Baraka, na mifuko yote ilikuwa mitupu. Fizi lilikuwa na maji matupu.

“Mama, umetia yote mu pipa moja?”

“We ulisema nitie kwa pipa, mwalimu.”

“Mapipa! Mi nilisema mapipa!”

“Apana. Ulisema kwa pipa. Masikio yangu iko muzima.”

Nilimkaripia mbele ya wagonjwa. Nilimwambia kwamba herufi mbili zinaweza kuua watu, kwamba shuleni kwangu angeandika “mapipa” mara mia ubaoni. Alinisikiliza akiwa ameshika kitambaa chake cha kusafishia. Mpaka leo nikikumbuka uso wake naona haya.

Kumwaga hatukuweza, kwani hakukuwa na chumvi nyingine wala sukari nyingine. Baraka lilikuwa na gramu elfu moja na mia mbili, chumvi maradufu, na Fizi halikuwa na hata chembe. Kuteka kwa ndoo kutoka hili kwenda lile nilikataa mwenyewe. Ndipo nilipokumbuka pampu ndogo ya mkono iliyokuwa stoo na mipira miwili ya kupitishia maji. Mpira mmoja nikautoa chini ya Baraka, ukapita kwenye pampu na kupanda hadi chini ya Fizi. Wa pili nikaufunga karibu na mdomo wa Fizi, ili kinachozidi kishuke chenyewe kurudi Baraka. Mapipa yote yalikuwa yamejaa, kwa hiyo kila lita iliyopanda ilisukuma lita moja kushuka. Nikapima kwa chupa na saa yangu: lita moja kwa nusu dakika. Tulipojaribu kwenda haraka zaidi mpira ulichomoka.

Nitakiri jambo. Nilifurahi. Binti yangu alikuwa amelala hatua kumi kutoka pale, milio ya bunduki ilikuwa imesikika tangu alfajiri upande wa milimani, na mimi nilifurahi kwa sababu nilikuwa nimelipata mbele yangu, kwa mabati na mipira, zoezi nililowahi kuwafundisha wanafunzi waliokuwa wakisinzia. Nilikaa juu ya mfuko wa mkaa nikafungua kaye.

Nilichora masanduku mawili, moja nikaliandika B, jingine F, na mshale kutoka kila moja kwenda kwa mwenzake, juu ya kila mshale namba 2. Lita mbili kwa dakika katika pipa la lita mia mbili ni sehemu moja ya mia. Basi kila dakika Baraka linapoteza sehemu moja ya mia ya chumvi iliyomo ndani yake, na linapokea sehemu moja ya mia ya chumvi iliyomo Fizi. Fizi hivyo hivyo, kinyume chake. Nikaita chumvi ya Baraka x, ya Fizi y, nikaandika mistari miwili ya mabadiliko yake. Mistari hiyo huwezi kuifungua mmoja mmoja, kwa sababu kila mmoja unautaja mwenzake. Lakini ukiijumlisha, kila kitu kinafutika: x na y kwa pamoja ni elfu moja na mia mbili daima, hakuna kinachopotea. Ukitoa mmoja kwa mwingine, unapata tofauti kati ya mapipa, nayo inajitegemea: inapungua kwa sehemu mbili za mia za ukubwa wake kila dakika. Kitu kinachopungua hivyo kinajigawa nusu kila baada ya dakika thelathini na tano, kiwe kikubwa au kidogo.

Kwa hiyo nikaandika jedwali. Mwanzo 1200 na 0. Dakika thelathini na tano, 900 na 300. Tena thelathini na tano, 750 na 450. Halafu 675 na 525. Halafu karibu 638 na 562. Mara ya tano, 619 na 581, na hapo mtoto anaweza kunywa bila hofu. Mara tano ni dakika mia moja sabini na tano. Ukiweka dakika tano za tahadhari, unapata masaa matatu kamili. Nilichukulia kwamba maji yanachanganyika sawasawa ndani ya kila pipa, jambo ambalo si kweli kabisa, lakini liko karibu na kweli.

Mama mjane alianza kuzungusha pampu saa mbili na dakika ishirini na tano. Niliandika muda huo pia.

Hazikupita dakika tano, askari wanne wakaingia uani. Sitasema walikuwa wa upande gani; miaka ile pande zilikuwa nyingi na zilifanana mlangoni. Walikuwa wakikusanya wanaume wenye karatasi. Ndivyo walivyosema: wanaume wenye karatasi. Mmoja aliona kaye mkononi mwangu.

“We, kuya hapa.”

Niliomba nizungumze kwanza na muuguzi. Alikuwa ndani kwa watu wazima akimtafutia mgonjwa mshipa wa dripu. Wakasema hapana. Niliomba niandike neno moja tu. Mmoja wao akanielekezea mtutu, akasema nifanye mbio. Nikachana ukurasa, nikaandika kwa Kiswahili ili kila mtu aelewe: “Mupige pompi mpaka saa tatu. Kisha mufungue robine.” Sentensi hiyo ya kwanza nilikuwa nimeiandika kwa haraka ileile chini ya jedwali, kabla sijachana ukurasa mtupu. Nikampa mama mjane, nikamwambia ampe munganga, yule muuguzi, akitoka. Hakujua kusoma. Aliikunja na kuishika pamoja na mpini wa pampu.

Walitupeleka kwenye nyumba moja ya matofali kwenye barabara ipandayo Fizi. Tulikuwa wanaume saba tumekaa chini ukutani. Nilitulia kuliko wenzangu. Nilikuwa nikijiambia kwamba pampu inazunguka, hesabu ni sahihi, na hata nikichelewa binti yangu atakunywa maji mazuri. Niliwaza hivyo kwa raha kabisa, na raha hiyo naichukia.

Komanda alikuwa kijana, mpole wa sauti, na ndiyo maana aliniogopesha. Alifungua kaye yangu mezani, akaisoma muda mrefu.

“Mwalimu. Hii B iko nini?”

“Baraka, Chef.”

“Na F?”

“Fizi. Lakini Chef, ni mapipa. Tunayaita hivyo kwa kuchekesha tu.”

“Ndiyo. Munachekesha.” Aliweka kidole kwenye jedwali. “Baraka kuko elfu moja na mia mbili. Fizi hakuna muntu. Kisha dakika makumi tatu na tano, mia tatu bamepanda. Kisha tena. Mpaka banagawanyika nusu kwa nusu. Banapita bawili bawili, kila dakika. Ni bantu ya nani?”

“Ni chumvi, Chef. Gramu za chumvi.”

Askari mmoja alicheka. Komanda hakucheka. Nilimweleza habari ya pampu, habari ya watoto, nikamweleza hata tofauti inavyojigawa nusu. Alinisikiliza kwa makini kama mwanafunzi mzuri, na kadiri alivyosikiliza nilizidi kuona kwamba maelezo yangu yanamfanya aamini zaidi kwamba mimi ni mtu wa mipango. Kisha akafika chini ya ukurasa.

“Na hapa. ‘Mpaka saa tatu.’ Saa tatu kunatokea nini?”

Nilifungua kinywa nimjibu kwamba si saa tatu, ni masaa matatu. Badala yake nikainamia ukurasa. Nilikuwa nimeisoma ile sentensi kwa macho yake. Kwa Kiswahili cha vitabu, saa tatu inaweza kuwa muda wa masaa matatu, inaweza kuwa saa ya ukutani. Kwetu hakuna anayechanganya. Muda ni masaa. Saa tatu ni saa tatu, asubuhi, wakati wanafunzi wanatoka mapumziko ya kwanza. Nilikuwa nimemkaripia mwanamke mzima kwa ajili ya “ma” ya mapipa, na “ma” yangu niliiacha mbele ya mtutu wa bunduki.

“Saa ngapi sasa, Chef?” nikauliza. Saa yangu walikuwa wameichukua.

Hilo lilikuwa swali baya zaidi nililoweza kumwuliza. Alinitazama, halafu akatazama saa, ambayo sasa ilikuwa mkononi mwake.

“Iko saa tatu kasoro dakika kumi. Unaogopa nini, mwalimu?”

Nikamwambia. Nilimwambia kwamba saa tatu watasimamisha pampu na kufungua robine, kwamba zitakuwa zimepita dakika thelathini na tano tu, kwamba Baraka litakuwa bado na gramu mia tisa badala ya mia sita, na pampu ikishasimama litabaki hivyo hivyo siku nzima, na binti yangu yuko kwenye robine hiyo. Nililia. Nilimwomba atume mtu mmoja, askari wake, yeyote, aende na neno moja tu: masaa.

“Nitume muntu wangu kwa ile shule, saa tatu kamili,” alisema polepole. “Pale we umeandika. Hapana, mwalimu. Tutangoja saa tatu pamoja.”

Tukangoja. Aliwapanga askari madirishani. Walilenga bunduki barabarani. Sisi saba tuliambiwa tulale kifudifudi. Sakafu ilikuwa ya udongo, na nilikuwa na shavu langu juu yake, nikihesabu. Sikuwa na la kufanya ila kuhesabu. Niliijua kila dakika ya mapipa yale. Mia tisa na kumi. Mia tisa na tano. Mia tisa. Nje, jogoo aliwika na mwanamke mmoja alipita akiita watu wanunue ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, na hakuna kilichotokea saa tatu. Saa nne hakikutokea kitu. Wenzangu walianza kupumua. Mimi ndipo nilipozidi kuogopa, kwa sababu kila dakika ya amani katika nyumba ile ilikuwa kikombe kingine kule darasani.

Saa saba lori lilikuja kuwachukua askari, wakatuachia. Komanda alinirudishia kaye. Saa hakunirudishia.

“Benzako ba mupango baliogopa kuya,” aliniambia, “na we una bahati.”

Nilikimbia mpaka ziwani. Pampu ilikuwa imesimama. Karatasi yangu ilikuwa imebandikwa vizuri kwenye pipa la Baraka kwa plasta ya hospitali, na chini yake muuguzi alikuwa ameandika kwa kalamu ya bik nyekundu: “Imefunguliwa saa tatu kamili.” Alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Nilikinga kiganja nikaonja. Yalipita machozi, lakini kidogo tu. Mtu aliyechoka, anayeonja mara moja na kukimbilia mgonjwa mwingine, angeweza kuyapitisha.

Mke wangu alikuwa amekaa mkekani na mtoto mapajani. Aliponiona hai alifunika uso kwa kitenge. Kisha akaniambia, kwa furaha, neno ambalo tulikuwa tumelingoja.

“Baba, leo anakunywa muzuri! Tangu asubuhi. Nikitosha kikombe kwa mdomo analia, anataka tena. Munganga anasema ni ngufu inarudia.”

Ni kiu. Chumvi ikizidi mtoto anapata kiu, na kiu hiyo ukiituliza kwa maji yaleyale unaiongeza. Nilimpokonya kikombe mkononi. Mtoto alinyoosha mikono yake kukifuata. Midomo yake ilikuwa imekauka, na alikuwa akishtuka kwa kila sauti, hata sauti ya mlango. Nilimwita muuguzi, nikamwambia pembeni. Alibadilika rangi. Aliamuru watoto wote waachishwe maji ya Baraka, wapewe maziwa ya mama na maji ya kuchemsha kidogo kidogo. Wengine waliokunywa haba hawakupata kitu. Wangu alianza kutetemeka saa tisa. Alifariki kabla jua halijazama, akiwa ameshika kidole cha mama yake.

Muuguzi aliandika kwenye daftari: kipindupindu. Aliniangalia alipoandika, nami nikamwacha aandike. Labda ilikuwa kweli. Mtoto aliyekuwa na siku tatu za ugonjwa ule anaweza kufa hata ukimpa maji sahihi. Nimejipa jibu hilo mara nyingi na halijawahi kunishibisha.

Mama mjane alikuja matangani. Aliketi karibu na mke wangu siku zote tatu. Nilimwomba msamaha habari ya mapipa, na akaniambia hakumbuki ni mapipa gani.

Mke wangu sikumwambia. Tulipata watoto wengine, vita vikaisha vikarudi vikaisha, tukajenga Baraka, naye akaanza kazi ya kukausha na kutia chumvi samaki wa kupeleka milimani. Alikuwa akisimulia kwa watu jinsi mtoto wetu wa kwanza alivyokunywa vizuri siku yake ya mwisho. Lilikuwa jambo alilojivunia. Kila alipolisema nilitoka nje.

Nilimwambia mwaka jana. Nilikuwa naumwa, nikadhani nitakufa, na niliogopa kufa nalo. Nilimweleza yote, mapipa, pampu, mishale, herufi mbili. Nilimchorea hata masanduku, upumbavu wangu wa ualimu haukuniacha hata hapo. Nilimwonyesha mistari: hii tofauti, inajigawa nusu, hii jumla, haibadiliki kamwe, kinachokosekana huku kipo kule.

Hakulia. Aliitazama karatasi, yeye ambaye hakumaliza hata shule ya msingi, na mikono yake bado ilikuwa na harufu ya samaki.

“Baba,” aliuliza, “kama kwa moja kulikuwa chumvi mara mbili, na kwa ingine hakukuwa, juu ya nini hamukutosha nusu kikombe huku na nusu kikombe kule?”

Nilitazama mstari wa jumla. Ndio niliouandika kwanza asubuhi ile, kabla ya pampu kuanza kuzunguka. Nusu kutoka Baraka na nusu kutoka Fizi: dakika ya kwanza, dakika ya thelathini na tano, saa yoyote ile, kikombe kingekuwa sawa. Hakukuwa na haja ya kungoja.

Nilimwambia sikuliona.

“Mi ningeliona,” alisema. “Nilikuwa pale. Hamukuniuliza.”

Kisha akainuka kwenda kugeuza samaki, kwa kuwa jua lilikuwa linahama.